Nani Mwenye Kilele Cheupe

Watu wa Same walimwita Mama Jina Kamili, na wengi hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Ukienda dukani kwake karibu na stendi kuchapisha barua ya kulalamikia duka la simu, yeye hakuulizi simu imeharibikaje. Anakutazama juu ya miwani na kusema, "Hilo duka jina lake kamili ni nani?" Ukimjibu jina lililoandikwa kwenye bango, anatikisa kichwa. "Hilo ni bango. Mimi nataka mwenyewe." Watu waliondoka wakisonya, wakaenda kwa wengine waliochapa upesi bila maswali, kisha baada ya miezi miwili wakarudi kwake na barua zilizokosa mpokeaji.

Jina lake hasa lilikuwa Eliwaza Mbwambo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na hasira za karibu. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya biashara kwa miaka ishirini na sita, akipanga mafaili ya leseni, na alipostaafu alinunua kompyuta moja, mashine ya fotokopi iliyokwishatumika, na benchi la wateja. Mumewe alikufa mapema. Watoto wako Arusha, wanapiga simu Jumapili wakikumbuka. Basi maisha yake yalikuwa ni benchi lile, vumbi la barabara kuu, na makaratasi ya watu.

Makaratasi aliyajua. Aliweza kukueleza, ukitaka na hata usipotaka, kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina matatu na yote yakawa halali. Kuna jina lililoandikishwa la kampuni, lile lililo kwenye cheti cha kuandikishwa pamoja na namba yake, na kwa kawaida linaishia na neno Limited. Hilo ndilo mtu mbele ya sheria: linaajiri, linamiliki, linashtaki na kushtakiwa. Kuna jina la biashara, ambalo nalo huandikishwa na kupewa cheti, lakini cheti hicho kinasema tu kwamba mtu fulani au kampuni fulani inafanya biashara kwa kujiita hivyo. Halafu kuna jina la bidhaa, lile la kwenye mfuko na kopo, ambalo ni alama ya kuuzia. "Jina la biashara ni shati," alikuwa akisema. "Ukigombana na mtu humshtaki shati lake." Na aliwachukia kwa dhati watu wanaochukua jina la bango, wakaligongelea Limited mwishoni kwa kuwa linapendeza, wakadhani wamepata kampuni.

Ndiyo maana jambo la Mzee Eliufoo lilimuuma kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Kosa hilohilo alilolichukia, alilifanya yeye mwenyewe.

Mzee Eliufoo Mrutu alishuka kutoka Chome mwezi wa Januari. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, amevaa koti la suti juu ya sweta, kwa kuwa kule juu karibu na msitu wa Shengena asubuhi ni baridi na mtu hawezi kujua bonde litakuwa na joto kiasi gani mpaka amefika. Alikaa kwenye benchi, akasubiri wateja watatu waishe, kisha akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Mwanawe Benson, mwenye miaka ishirini na minane, alikuwa akichimba jasi kwenye machimbo yaliyo upande wa Makanya. Jasi ni ule mwamba mweupe unaosagwa kutengeneza saruji na dari za nyumba. Mwezi wa Desemba ukuta wa shimo ulianguka. Walimfukua baada ya muda wa saa nne. Meneja wa machimbo aliandika taarifa ya ajali, na nakala yake ndiyo hiyo aliyokuwa ameishika mzee. Juu ilikuwa na picha ya mlima wenye ncha nyeupe na maneno KILELE CHEUPE. Chini yake, mistari saba. Mstari wa nne ulisema: "Marehemu hakuwa mfanyakazi wetu bali mvamizi aliyeingia shimoni kwa wizi."

"Alikuwa anakwenda kazini kila siku kwa miaka miwili," alisema Mzee Eliufoo. "Shati la kazi walimpa wenyewe, lina mlima huo huo. Wenzake wanamjua. Mama, mimi sina ugomvi na Mungu, watu hufa. Lakini mwanangu hakuwa mwizi."

"Unataka nini hasa, mzee?"

"Nataka hilo neno litoke."

Kanisani walishaanza kunong'ona. Raheli, mke wa Benson, alikuwa na mtoto wa miaka minne, na huko sokoni mwanamke mmoja alikuwa amemuuliza kama ni kweli mumewe alifia kwenye wizi. Na neno lile halikukaa kwenye karatasi tu. Mtu aliyekufa kazini, mkewe na mtoto wake wana haki kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mwizi hana haki yoyote.

Siku ile watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, shule zimefunguliwa, kila mzazi anataka fomu. Eliwaza alichapa barua kwa haraka: kwa Kilele Cheupe, tunaomba mrekebishe taarifa yenu. Alipoitazama, jina lilionekana pungufu. Vidole vyenyewe vikaongeza Company Limited. Aliingia kwenye mtandao wa wakala wa usajili, akatafuta, na kweli kampuni yenye jina hilo ilikuwapo, tena hai. Akafurahi kama mjinga. Hakufungua zaidi ya hapo. Alituma barua kwa rejesta, akatuma na nakala Ofisi ya Kazi, akamwambia mzee asubiri.

Mzee alisubiri miezi mitatu.

Jibu lilitoka Mwanza. Lilikuwa la adabu sana. Kilele Cheupe Company Limited walisema wanampa pole mzee kwa msiba mkubwa, ila wao wanauza magodoro, hawana shimo la jasi mahali popote, na hawajawahi kufika Makanya.

Eliwaza aliisoma barua ile akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto, maana angekuwa karani wa jana angejitetea, lakini yeye alikuwa Mama Jina Kamili. Na miezi ile mitatu haikuwa bure kwa wale jamaa wa jasi: shimo lilikuwa limefukiwa kwa tingatinga, na vibarua waliofanya kazi na Benson walikuwa wameachishwa na kutawanyika, mmoja Mererani, mwingine Handeni. Alipompigia Bi Safia, afisa kazi aliyeshika faili lile, alijibiwa kwa upole kwamba meneja wa machimbo ameshahojiwa, na ameeleza kuwa Kilele Cheupe si kampuni, ni jina la mfuko tu, na mfuko hauwezi kuajiri mtu.

"Na kwa hilo hajadanganya," alisema Bi Safia. "Mama, niletee mwajiri. Bila mwajiri nina shati na maneno ya baba mtu."

Mzee Eliufoo aliposhuka tena, Eliwaza alimwambia ukweli bila kuzunguka. "Shikamoo mzee. Nimekukosea. Barua niliwaandikia watu wasiohusika, na muda umepotea kwa uzembe wangu."

"Marahaba," alijibu mzee. "Sasa unajua wanaohusika?"

"Bado."

"Basi wajue," akasema, akapanda bodaboda kurudi kwa jamaa yake alikofikia. Laiti angemtukana. Eliwaza aliona ingekuwa nafuu.

Kesho yake alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria. Alitembea kando ya barabara kuu mpaka kwenye ghala linalouza jasi ya unga kwa mafundi wa dari. Ukutani kulikuwa na ule mlima uliochorwa, mkubwa kama basi. Ndani kulikuwa na mizigo ya mifuko, na juu ya meza ya keshia kulikuwa na cheti kwenye fremu ya kioo. Wateja waliokiona waliridhika kwamba mambo yote ni halali. Eliwaza alivaa miwani akakisogelea. Kilikuwa cheti cha usajili wa jina la biashara: Kilele Cheupe. Kioo kilikuwa na vumbi jeupe, na mahali pa jina la mwenye biashara palikuwa pamebandikwa kalenda ndogo.

"Mama, unahitaji nini?" aliuliza keshia.

"Mfuko mmoja. Na risiti ya mashine, tafadhali. Siondoki bila risiti."

Keshia alisema mashine ina shida ya mtandao. Eliwaza akasema atasubiri mtandao. Akaketi juu ya mifuko yao, akatoa sweta la mjukuu alilokuwa akifuma, akaanza kufuma. Baada ya nusu saa mtandao ulirudi wenyewe, kama inavyotokea.

Risiti ya kodi haina adabu za bango. Muuzaji anaweza kujiita Kilele Cheupe, Jua la Asubuhi, au anavyotaka, lakini mashine inamtaja mlipakodi kama alivyoandikishwa. Juu kabisa, kwa herufi hafifu za zambarau, ilisema: KISIMA SABA GENERAL SUPPLIES LIMITED. Chini yake namba ya mlipakodi. Kilele Cheupe hakikutajwa popote.

Eliwaza alimlipa mwenye mkokoteni ampelekee mfuko wa jasi ambao hakujua atautumia wapi, akarudi dukani karibu akikimbia. Safari hii hakuridhika na kuliona jina. Aliingia kwenye mtandao wa wakala, akaomba taarifa rasmi mbili, akapata namba ya malipo, akalipa kwa simu kutoka mfukoni mwake. Ya kwanza ilikuwa ya jina la biashara Kilele Cheupe: mmiliki wake ni nani? Ya pili ilikuwa ya kampuni yenyewe ya Kisima Saba: imeandikishwa lini, iko hai, wanahisa na wakurugenzi ni akina nani? Ya kwanza ikijibu kwamba mmiliki ni Kisima Saba, ule mlima kifuani mwa shati la Benson ungekuwa umepata mwenyewe, na meneja asingeweza tena kusema habari za mfuko.

Majibu yalitoka Alhamisi. Alimpigia simu mzee siku hiyo hiyo, na Ijumaa asubuhi mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, koti juu ya sweta, wakati mashine ya kuchapa ikitema karatasi ya kwanza.

"Hii hapa," Eliwaza alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo baadaye aliijutia. "Soma mzee. Jina la biashara, Kilele Cheupe. Mmiliki, Kisima Saba General Supplies Limited. Wamekwisha. Huyo ndiye aliyemwajiri mwanao."

Mzee alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akavuta pumzi. "Kwa hiyo wapo."

"Wapo. Sasa tuone ni akina nani."

Karatasi ya pili ikatoka. Eliwaza aliichukua kabla haijapoa. Kampuni iliandikishwa miaka sita iliyopita. Iko hai. Wakurugenzi wawili. Wa kwanza, Nathanaeli Yona Mshana, wa Dar es Salaam. Mstari wa mkurugenzi wa pili Eliwaza aliusoma mara tatu, kisha akainua macho, akamtazama mzee aliyekuwa akijifuta jasho mbele yake.

Eliufoo Samweli Mrutu. Mkulima. Chome, Same.

Alifikiria kuikunja ile karatasi. Tusimseme vibaya, kwa dakika nzima alifikiria kusema mashine imeharibika. Kisha akaona kwamba ameshamdanganya mzee huyu mara moja kwa uzembe, na hataki kumdanganya tena kwa huruma.

"Mzee," alisema, "umewahi kumpa mtu kitambulisho chako cha taifa?"

"Hapana." Akafikiri. "Labda Nathanaeli. Mtoto wa dada yangu."

"Alikitakia nini?"

Mzee akasimulia bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesimulia safari ya zamani. Nathanaeli alikuja Chome na gari, akaleta sukari na kitenge cha mke wa mzee. Akasema, mjomba, naanzisha kampuni yangu ya kusambaza bidhaa, na sheria inataka wakurugenzi wasiopungua wawili. Sitaki kumweka mtu baki, nataka jina la mtu wa heshima, jina la mjomba. Ni jina tu, hutafanya kazi yoyote. Ni nani atakayemnyima mpwa wake jina? Wakashuka pamoja, mzee akaweka alama za vidole kupata namba ya mlipakodi, akatia saini karatasi kadhaa mbele ya wakili. Mchana wakala pilau hotelini. Baada ya hapo hakusikia tena habari za kampuni, wala hakuuliza.

"Alikwambia kampuni inaitwaje?"

"Alisema. Nimesahau. Ni miaka mingi."

Eliwaza aligeuza karatasi, akamwekea magotini.

Mzee alisoma. Kidole kilifika kwenye jina la mpwa wake, kikasimama. Kikashuka mstari mmoja. Hakupiga kelele. Alilisoma jina lake kwa sauti ya chini, lote, la kwake na la baba yake na la ukoo, kama mwalimu anayeita mahudhurio darasani.

"Nathanaeli alikuja mazikoni," akasema mwishowe. "Alisimama upande wangu. Alinishika mkono tulipotupa udongo."

Eliwaza alienda kufunga mlango wa duka, akawaambia wateja waje mchana.

"Alijua ni shimo lake?"

"Anajua mashimo yake, mzee."

"Na mimi, hapa, mimi ni nani?"

Alikuwa anauliza swali la kweli, na Eliwaza alilijibu kama alivyoyajibu maswali yote kwa miaka ishirini na sita, kwa sababu hakujua namna nyingine. Alimweleza kwamba Kilele Cheupe hakina mikono. Aliyemwajiri Benson ni kampuni, na kampuni haina mikono pia ila ya wakurugenzi wake. Taarifa ya meneja ilikuwa imesemwa kwa jina la kampuni. Kwenye karatasi, waliomwita Benson mvamizi walikuwa watu wawili, na mmoja wao ni baba yake.

Mzee Eliufoo aliangua kilio. Kilikuwa kilio kibaya, cha mtu asiyezoea kulia, na kilidumu muda mrefu. Eliwaza alimletea maji, akakaa benchi moja naye, naye akalia, kwa aibu na kwa hasira.

Jioni ya siku hiyo simu ya mzee ililia. Keshia wa ghala alikuwa amesema kuna mwanamke alikuja kung'ang'ania risiti, na habari zilikuwa zimefika Dar. Mzee aliweka sauti ya nje ili Eliwaza asikie.

"Mjomba, shikamoo."

"Nakusikia."

"Mjomba, nimeambiwa kuna watu wanakuzungusha maofisini. Hayo ni mambo ya familia. Nitakuja Jumapili na mbuzi, tutakaa na wazee, tutayamaliza nyumbani. Raheli na mtoto ni wangu, nitawatunza. Mimi si mtu wa kutupa damu yangu."

"Utafuta lile neno?"

"Mjomba, meneja aliandika bila kuniuliza. Lakini tukilifuta, maana yake alikuwa mfanyakazi. Na wafanyakazi wote pale hatukuwa tumewaandikisha. Watakuja wakaguzi. Na watakuja kwako pia, mjomba, jina lako lipo. Nakulinda wewe."

"Ulilichukua jina langu ukasema ni jina tu."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi la Benson nalo ni jina tu," mzee alisema, akakata simu.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na msomaji asidhani mzee alikuwa jasiri usiku kucha. Mbuzi wa kumaliza nyumbani si jambo dogo Upareni. Ukikataa mezani kwa wazee, umemkataa dada yako pia, na dada yake alikuwa hai, mgonjwa wa miguu, akimtegemea Nathanaeli kwa kila kidonge. Asubuhi alimwambia Eliwaza kwamba amefikiria kukubali. Kisha akasema kwamba wazee wangekula mbuzi, wangemsamehe Nathanaeli, na ile karatasi ingebaki kwenye faili kama ilivyo, na siku moja mjukuu wake angejifunza kusoma.

Jumapili mzee hakupokea mbuzi wa mtu, na Jumatatu Bi Safia alikuja Same. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ushungi na begi lililojaa mafaili, na alikutana nao kwenye chumba alichoazimwa karibu na ofisi za wilaya. Alizisoma taarifa rasmi mbili, ya jina la biashara na ya kampuni. Alilitandaza shati la Benson juu ya meza, akaulinganisha mlima wake na ule wa kwenye taarifa ya meneja. Alisoma maelezo ya wachimbaji wawili aliowapata Eliwaza kwa simu kutoka Handeni na Mererani. Kisha akafungua fomu mpya, na kwenye nafasi ya jina la mwajiri akaandika kwa herufi kubwa, bila kuandika Kilele Cheupe: KISIMA SABA GENERAL SUPPLIES LIMITED, na namba ya kuandikishwa pembeni.

"Shauri hili sasa lina miguu," alisema. "Lakini mzee, nisikilize. Maelezo ya mkurugenzi yana uzito kuliko haya yote. Ukikiri kwa niaba ya kampuni kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi, ile taarifa ya meneja nitaitupa. Ila ukishakiri umekiri. Kampuni haikuandikisha wafanyakazi, haikutoa taarifa ya kifo inavyotakiwa, na shimo halikuwa salama. Watakapoitwa wakurugenzi kujibu, utaitwa. Unaweza kujitetea kwamba hukujua lolote, na huenda ukasikilizwa. Sikuahidi."

"Nathanaeli ataitwa?"

"Ataitwa."

"Wote wawili."

"Wote wawili. Tafuta mwanasheria kwanza, mzee. Naweza kusubiri wiki."

"Nimeshasubiri," alisema Mzee Eliufoo. "Nioneshe pa kuandika."

Eliwaza alimwandikia maelezo yale kwa mkono wake. Yalikuwa mafupi: kwamba yeye, mkurugenzi wa Kisima Saba General Supplies Limited, inayofanya biashara kwa jina la Kilele Cheupe, anathibitisha kuwa Benson Eliufoo Mrutu alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, kwamba alikuwa kazini alipofariki, na kwamba hakuwa mvamizi wala mwizi. Mzee alidai neno mwizi litajwe, ili likanushwe. Alisomewa mara mbili.

Bi Safia aligeuza fomu upande wa pili. Chini kulikuwa na nafasi mbili za saini, moja juu ya nyingine. Kwenye ya kwanza paliandikwa: kwa niaba ya mwajiri. Kwenye ya pili: kwa niaba ya marehemu, ndugu wa karibu.

Mzee Eliufoo alishika kalamu kwa mikono miwili. Alisaini ya kwanza taratibu, jina lake kamili. Akainua kalamu, akaitazama nafasi ya pili, akauliza kama inaruhusiwa mtu mmoja.

Bi Safia alisema kwamba kwa kawaida haitokei, lakini kwenye sheria hakuna pa kukataza.

Basi akasaini tena.